Bei, oda ya chini na sampuli: kumpelekea muuzaji wa jumla bidhaa asiyoijua

*Shikamoo mwalimu. Nipo Kitangiri, nanunua dagaa Mwaloni. Nimeanzisha dagaa wa kukaanga, pakiti ya gramu 50, ladha tatu: chumvi, pilipili, na limau na tangawizi. Pakiti inanigharimu Sh 620, na kati ya hizo dagaa wenyewe ni 280. Dukani inauzwa 1,000. Maduka ya jirani nawauzia 850. Wa jumla nimewapangia 830, katoni ya pakiti 24, oda ya chini katoni 20 kwa sababu kirikuu ananitoza 12,000 kuzungusha mzigo mjini. Sampuli natoa bure. Wawili wamekataa, mmoja anataka mali kauli, mwingine alichukua katoni 2 za sampuli akakaa kimya hadi leo. Nakosea wapi, na karatasi ya bei niiandikeje? Nataka nifike Geita na Kahama pia.*

Marahaba, mdogo wangu. Nilikaa kaunta ya duka la jumla hapa Mwanza miaka saba kabla sijaanza kuwasaidia wasindikaji, kwa hiyo acha nikuoneshe pakiti yako inavyoonekana ukiwa upande ule wa kaunta.

Mwenye duka la jumla haonji kwanza. Anauliza katoni bei gani, kisha anapiga hesabu kichwani: nitaitoa kwa ngapi, na mwenye genge ataiuza kwa ngapi. Bei ya mwisho umeshaitaja, 1,000, na ni bei nzuri kwa sababu mtu anatoa noti moja na habaki kudai chenji. Basi hesabu yote inaanzia pale kwenye noti ya elfu na kurudi nyuma hadi kwako. Wewe uliianzia upande wa pili. Ulichukua 850 unayowauzia majirani, ukapunguza 20, ukasema hiyo ndiyo jumla.

Katoni yako ina pakiti 24. Kwa 830 anakulipa 19,920. Sasa mwenye duka la Mlango Mmoja anajua, au atajua wiki hii hii, kwamba kwako anaipata kwa 850, yaani 20,400 kwa pakiti 24. Muuzaji wa jumla hawezi kuvuka hapo. Kwa hiyo faida yake ya juu kabisa ni Sh 480 kwa katoni, na ndani yake alipe mbebaji, nafasi ya stoo, na pakiti itakayopasuka. Wale wawili waliokataa hawakudharau dagaa wako. Umewaambia washindane na wewe, halafu silaha zote umezishika mwenyewe.

Turudi nyuma kutoka kwenye elfu. Mwenye duka la rejareja hataweka bidhaa ngeni mbele ya dirisha kama haimpi walau 150 kwa pakiti. Kwa soda na sabuni ya kipande anavumilia faida ndogo kwa sababu wateja wanazifuata wenyewe, lakini yako itabidi aisemee. Tuseme anainunua katoni kwa 20,000. Akimaliza pakiti 24 ana 24,000, amebakiwa na 4,000, kama 166 kwa pakiti. Hapo ataitundika. Muuzaji wa jumla anayeitoa kwa 20,000 anahitaji walau 1,500 kwa katoni ili ajisumbue nayo, maana mfuko wa sukari unampa faida nyembamba lakini unaondoka siku hiyohiyo, na katoni yako italala. Kwa hiyo yeye ainunue kwa 18,500. Hiyo ndiyo bei yako ya jumla, kama 771 kwa pakiti.

Sasa tuone kama wewe unaweza kuuza kwa 18,500. Pakiti 24 mara 620 ni 14,880. Lakini 620 yako inaishia kwenye pakiti iliyofungwa. Katoni lenyewe na utepe, weka 800. Usafiri weka 600, nitakueleza ilikotoka. Sampuli na pakiti zitakazoharibika, weka 400 kwa kila katoni, ili sampuli zilipwe na mauzo na siyo na mfuko wako wa nyumbani. Jumla 16,680. Unabakiwa na 1,820 kwa katoni, kama Sh 75 kwa pakiti.

Najua umeshtuka, kwa sababu ukiwauzia majirani unabaki na 230 kwa pakiti. Kuna watakaokuambia uachane kabisa na watu wa jumla, uendelee kuzunguka mwenyewe. Si ushauri wa kijinga. Kwa siku ambazo unaweza kuzunguka, maduka unayoyafikia kwa miguu yanakulipa mara tatu kwa kila pakiti. Tatizo ni kwamba siku unayouza hukaangi, na siku unayokaanga huuzi. Ukiona wiki mbili mfululizo unazalisha zaidi ya unachoweza kusambaza, hapo 75 ya jumla ina maana. Ukiona bado unauza kila unachokaanga, subiri, huna haja ya karatasi ya bei. Na ukiingia kwenye jumla, ile 850 ya majirani isiguswe kushuka. Muuzaji wa jumla atatoa kwa 833. Mradi bei yako ya mlangoni iko juu ya yake, hutakuwa adui wake.

Kabla hujaandika 18,500 kwenye karatasi kuna jambo moja unalijua kuliko mimi, maana uko Mwaloni kila wiki: mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti kitu, mzigo unapungua na bei inapanda. Hiyo 280 ya dagaa uliipata usiku wa aina gani? Ikiwa ni bei ya giza, na mbalamwezi ikaja kuipandisha kwa robo tu, unaongeza 70 kwa pakiti, 1,680 kwa katoni. Faida yako ya 1,820 inabaki 140. Umefanya kazi ya mwezi mzima kwa nauli ya daladala.

Watu wengi wakibanwa hapo wanampigia simu mteja kumwambia bei imepanda. Fanya hivyo mara mbili na duka la jumla halitakuagiza tena, kwa sababu na lenyewe limeshawatajia wateja wake bei. Dawa ni mbili zikienda pamoja. Kwanza, 280 yako iwe wastani wa miezi mitatu ya daftari lako la manunuzi. Isiwe bei ya siku uliyobahatika. Pili, nunua dagaa wakavu wa kutosha wakati wa giza, uwahifadhi kwenye magunia safi juu ya vichanja, pakavu, ndipo ukaange kidogo kidogo kwa kufuata oda. Dagaa mkavu anavumilia kusubiri kuliko dagaa aliyeshakaangwa. Ukishafanya hayo, andika kwenye karatasi kwamba bei ni ya siku 60, na utaje tarehe inapokwisha. Mteja ataheshimu tarehe iliyoandikwa. Simu ya ghafla ndiyo itakayomkimbiza.

Tuje kwenye katoni 20. Umenieleza sababu mwenyewe bila kujua: kirikuu. Sh 12,000 ukizigawa kwa katoni 20 unapata 600, na ndiyo 600 niliyoiweka kwenye hesabu juu. Ukipeleka katoni 3 peke yake, kila moja inabeba 4,000 ya usafiri na umekula hasara kabla gari halijafika Makoroboi. Kwa hiyo 20 ni namba sahihi. Ila ni namba ya gari, na wewe umembebesha mnunuzi mmoja.

Mwangalie huyo mnunuzi. Katoni 20 ni pakiti 480. Kwa bidhaa isiyojulikana, duka la jumla la kawaida likitoa pakiti 30 kwa wiki mwanzoni limefanya vizuri. Atakaa na mzigo wako wiki 16, karibu miezi minne, na 370,000 yake imelala humo. Halafu pakiti zitakazotoka wiki ya mwisho zinamfikia mwenye duka la rejareja zikiwa zimebakiza muda mfupi wa matumizi, naye atazirudisha. Anayekulaumu hapo ni muuzaji wa jumla, na wewe ndiye uliyemlazimisha.

Oda ya kwanza iwe katoni 3, moja ya kila ladha. Hizo ni pakiti 72, kwa mwendo ule zinaisha kwa wiki mbili na nusu, wakati bado anakumbuka jina lako. Oda zinazofuata, kuanzia katoni 5, achanganye ladha atakavyo. Ile 20 igeuze iwe sheria yako ya ndani: gari linatoka siku moja kwa wiki, tuseme Jumatano, na halitoki mpaka oda za maduka yote zifike 20. Zisipofika, nenda na zile chache kwa bodaboda kwa wale walio karibu, au waombe wasubiri Jumatano inayofuata. Maduka manne yenye oda ya katoni 5 yanajaza gari. Muuzaji wa jumla hana shida na siku maalumu. Anapenda kujua kwamba Jumatano unapita kuliko kuahidiwa kwamba utakuja wakati wowote.

Geita na Kahama ni habari nyingine. Huko usitaje bei ya kufikishiwa, kwa sababu hujui utakachotozwa na kila basi lina bei yake. Taja bei ya Mwanza, ufikishe mzigo stendi kwa gharama yako, na nauli ya mzigo alipe mpokeaji. Oda ya chini iwe katoni 10, maana chini ya hapo nauli inamuumiza yeye. Geita siku hizi ni rahisi zaidi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, na unaweza kwenda, ukaongea na maduka matatu, ukarudi Kitangiri jioni. Anza huko kabla ya Kahama. Mteja wa mbali ambaye hujawahi kuona stoo yake ni mteja wa kubahatisha.

Wakikuomba punguzo kwa oda kubwa, na watakuomba, usiiguse 18,500. Ukimpa mmoja 17,700 naye atashusha bei kwa wateja wake, wa jirani atasikia, na mwezi ujao 17,700 ndiyo bei yako kwa kila mtu. Toa mzigo badala ya bei: akilipia katoni 20 mara moja, mwongezee moja. Kwako inagharimu 16,680, sawa na 834 kwa kila katoni aliyonunua. Kwake ina thamani ya 20,000 atakayoiuza. Ila usimtolee hiyo mtu ambaye bado hajaonesha kwamba anamaliza katoni 5 kwa mwezi. Utakuwa unamsukumia mzigo uchakae stoo kwake.

Na hapo kwenye kuchakaa ndipo sampuli zinapoingia, na ndipo ninapotaka ukae kidogo.

Dagaa wa kukaanga haozi kwa haraka, shida yake ni mafuta. Mafuta yaliyobaki juu ya dagaa yanakutana na hewa, joto na mwanga, taratibu yanaharibika. Ukifungua pakiti unapata harufu kama ya rangi ya ukutani au ya karai lililokaa na mafuta ya juzi, na ukishika dagaa vidole vinanata. Mlaji haumwi siku hiyohiyo, ila hainunui tena maisha yake yote. Pakiti ya plastiki inayoonesha ndani inapendeza, lakini inaruhusu mwanga, na nyingi zinapitisha hewa kidogo kidogo. Pakiti yenye utando wa alumini ndani inalinda zaidi, japo ni ghali na mteja haoni dagaa. Hujaniambia unatumia ipi wala tarehe gani umeandika ya mwisho wa matumizi. Kama umeandika miezi sita kwa kunakili pakiti ya mtu mwingine, futa.

Jaribio la nyumbani ni hili. Chukua pakiti 20 za siku moja ya kukaanga. Kumi weka kabatini, kumi weka juu karibu na bati, kwa sababu stoo nyingi za jumla mjini ni za bati na mchana zinachemka. Kila baada ya wiki mbili fungua moja ya kabatini na moja ya juu, unuse, uonje, umpe na mtu asiyejua ipi ni ipi, uandike. Wiki ambayo ile ya juu inaanza kunuka ndiyo mpaka wako, na tarehe ya kwenye pakiti iwe fupi kuliko hapo. Hilo linakusaidia kuanza, lakini halitoshi kuthibitisha tarehe. Kwa hilo nenda na pakiti zako kwenye Maabara ya Taifa ya Udhibiti Ubora wa Samaki pale Nyegezi, uulize vipimo vya unyevu na vya kuharibika kwa mafuta. Una bahati kwamba iko jirani.

Sasa sampuli zenyewe. Sampuli ya muuzaji wa jumla ina kazi mbili tu: aone atakachokiuza, na aone kinavyokaa stoo kwake. Kwa kazi hizo pakiti 3 zinatosha, moja ya kila ladha. Zinakugharimu 1,860. Moja fungueni pale pale muonje naye. Mbili mwachie, umwambie aziweke rafuni kama bidhaa nyingine, na utaje siku utakayorudi. Usiseme nitapita, sema nitapita Alhamisi ya wiki ijayo saa nne, halafu saa nne uwepo.

Pakiti hizo zitoke kwenye mzigo wa kawaida, na lebo ileile, namba ya toleo na tarehe. Usichague dagaa wakubwa wazuri kwa ajili ya sampuli. Nikiwa kaunta, msambazaji mmoja wa njugu alituletea sampuli safi, njugu kubwa za rangi moja. Tukaagiza katoni 30. Zilizokuja zilikuwa mchanganyiko, nusu zimeungua. Tulizirudisha zote, na bosi wangu hakumfungulia tena mlango hata alipokuja na bidhaa nyingine kabisa. Kwa hiyo kila unapotoa sampuli, baki na pakiti moja ya toleo hilohilo nyumbani. Mteja akilalamika kwamba mzigo si sawa na sampuli, unafungua yako mnalinganisha, ubishi unaisha.

Katoni nzima ya bure haina kazi ya sampuli. Ukimpa mtu katoni 2 umempa bidhaa za Sh 40,000 kwa bei anayoitoa yeye, bila yeye kuweka hata shilingi. Hana haraka ya kuziuza na hana sababu ya kukupigia. Badala yake tengeneza katoni ya majaribio: pakiti 8 za kila ladha, analipa 18,500 taslimu, na wewe unamwandikia kwamba baada ya siku 21 pakiti zote zisizofunguliwa ambazo hazijauzwa unazichukua na kumrudishia fedha yake. Hofu yake umeibeba wewe, lakini hela yake imo, kwa hiyo katoni itakaa mbele na siyo chini ya magunia. Ukizirudisha pakiti nane, sawa, umejifunza kwamba limau na tangawizi haitembei mtaa ule. Mteja wa Geita anayetaka sampuli, mtumie pakiti 3 bure ila nauli ya basi alipe yeye, umkate kiasi hicho kwenye oda ya kwanza. Asiyetaka kulipa nauli ya pakiti tatu hatalipa katoni kumi.

Huyo wa mali kauli usimkasirikie, ndiyo desturi ya soko na mimi mwenyewe nimeishi nayo. Lakini piga hesabu kabla hujakubali. Katoni 5 zikipotea kwake umepoteza 83,400 ya gharama zako. Kwa faida ya 1,820 inabidi uuze katoni 46 nyingine ili urudi ulipokuwa. Mwambie bila kuzunguka kwamba mtaji wako hauruhusu mwanzo, na umpe ile katoni ya majaribio yenye ahadi ya kurudisha, kwa sababu hofu anayoitibu kwa mali kauli ni hiyohiyo. Akishalipa oda mbili taslimu bila usumbufu, ya tatu anaweza kulipa nusu akipokea na nusu gari likija Jumatano inayofuata, kwa hati ya kupokelea mzigo aliyosaini mwenyewe. Siyo kijana wake wa stoo.

Karatasi ya bei iwe ukurasa mmoja, na maneno hayohayo uyatume WhatsApp kama maandishi, kwa sababu picha ya karatasi haisomeki kwenye simu ndogo. Ningeandika hivi:

> Dagaa wa kukaanga, gramu 50. Ladha: chumvi, pilipili, limau na tangawizi.
> Katoni: pakiti 24 za ladha moja. Bei ya jumla Sh 18,500 kwa katoni, ladha zote bei moja.
> Bei ya kuwauzia wenye maduka: Sh 20,000 kwa katoni. Bei ya mlaji: Sh 1,000 kwa pakiti.
> Oda ya kwanza: katoni 3. Zinazofuata: kuanzia katoni 5, unaweza kuchanganya ladha. Nje ya Mwanza: kuanzia katoni 10, tunafikisha stendi, nauli ya mzigo kwa mpokeaji.
> Mzigo mjini unafika kila Jumatano. Oda ipokelewe kabla ya Jumatatu jioni.
> Malipo: taslimu au kwa simu wakati wa kupokea.
> Sampuli: pakiti 3 bure dukani kwako. Katoni ya majaribio ya ladha tatu: Sh 18,500, zisizouzwa ndani ya siku 21 tunarudisha fedha.
> Bei hii ni hadi tarehe …

Chini weka jina lako, namba ya simu, na muda wa matumizi kama ulivyothibitisha. Ile mistari miwili ya bei ya mwenye duka na bei ya mlaji usiiache. Ndiyo inayomfanyia muuzaji wa jumla hesabu yake: anaona 1,500 yake bila kuuliza. Na kama hujasajiliwa kwenye VAT, usiandike wala kuongeza asilimia 18 mahali popote, hata mtu akikwambia inaonekana kikampuni zaidi. Risiti za EFD muulize ofisa wa TRA wa eneo lako, kwa sababu muuzaji wa jumla mkubwa atakudai risiti siku ya kwanza.

Atakudai pia alama ya TBS. Tangu mwaka 2019 kusajili chakula na majengo yake kumehamia huko TBS, siyo tena kwa waliokuwa TFDA. Pitia kwanza ofisi ya SIDO hapa Mwanza, wanawapa wajasiriamali wadogo barua ya utambulisho, na mara nyingi wataona kasoro za jiko lako kabla mkaguzi hajaziona. Hili haliwezi kumalizwa kwa maandishi, lazima mtu aje aone unapokaangia. Msimbo mstari ule unaoanza na 620 utauhitaji siku ukitaka kuingia supamaketi. Maduka ya jumla ya mjini hawatakukatalia kwa kukosa hilo, usianze kulilipia sasa.

Amebaki yule wa katoni 2 aliyekaa kimya. Nenda kwake asubuhi, siyo kwa simu, na usianze na habari ya hela. Ulizia katoni ziko wapi, uombe kuziona, uhesabu naye zilizobaki. Kama hazijafunguliwa na ziko chini ya vitu, zichukue zote kwa amani, umwachie pakiti 3 na karatasi mpya ya bei. Ulizozirudisha usizipeleke kwa mteja mwingine kabla hujafungua moja ukanusa, maana hujui zilikaa karibu na bati wiki ngapi. Kama zimeuzwa zote, hiyo ni habari njema kuliko unavyodhani, hata kama hujalipwa: muulize ziliisha kwa siku ngapi na ladha ipi ilitangulia, andika mbele yake, kisha mwambie Jumatano gari linakuja na katoni 3 kwa 18,500 taslimu.